Tupeane uzoefu: kimebaki kipande kimoja, oda zimeingia mbili

Mtunza Ghala
Habari zenu wakuu. Jana nimemsikia muuzaji mmoja akisema programu yake ya kulinganisha stoki "imeuza hewa", nikakumbuka mengi. Wanaouza mzigo uleule kwenye masoko mawili au matatu ya mtandaoni, tuelezane oda ya ziada ilipenyea wapi hasa. Watu wengi wanasingizia bahati mbaya, lakini ukifuatilia saa kwa saa utakuta kuna mlango uliokuwa wazi.

Naanza na ule ninaoukuta mara nyingi, nao ni oda ambayo mteja ameshaiweka lakini malipo hayajathibitishwa. Amazon inaonekana kama `Pending`. Programu nyingi zimewekwa zivute oda zilizokamilika malipo tu, kwa hiyo hii haziioni.

Chukua viatu jozi 3. Saa 4:00 mteja wa soko A anachukua jozi 1, malipo bado yanahakikiwa. Soko A lenyewe linajua na linaonyesha 2. Daftari lako bado linasema 3. Saa 4:10 soko B linauza jozi 1. Programu inatoa 1 kwenye 3, inapata 2, inaandika 2 kwenye masoko yote mawili. Kwa macho ya soko A hakuna kilichobadilika. Ila rafuni jozi ambayo haina mwenyewe ni 1 tu. Wakija wateja wawili ndani ya saa hiyo, mmoja anakosa, na ukiangalia kumbukumbu za programu utaona kila hatua imeandikwa "imefaulu".

Dawa: programu ivute na oda ambazo hazijalipiwa, izihesabu kama mzigo ulioshikwa, na iuachie oda ikifutwa. Kwenye jedwali lako weka safu tatu: A iwe ya vilivyopo rafuni, B vilivyolipiwa bado havijatoka, C vilivyoshikwa. Namba inayokwenda masokoni ni hii:

```
=MAX(0, A2-B2-C2)
```

Shuka Kavu
Umenena mkuu. Hilo la Pending linaua watu kimya kimya.

Nahodha
Mbona mnajichosha? Ficha vipande 2 kila soko, basi. Rafuni viko 10, onyesha 8. Hakuna oda ya ziada itakayokupata.

Fundi Hesabu
Nahodha, umeshika nusu ya jambo. Akiba inasaidia, lakini 2 kwa kila bidhaa ni kubahatisha. Akiba inatakiwa ifunike kile kinachoweza kuuzwa wakati masoko hayajapata habari, basi.

Piga hesabu hivi. Programu yako inalinganisha kila dakika 15. Bidhaa hiyo kwenye saa yake ya moto inauza vipande 12 kwa masoko yote. Robo saa ni vipande 3. Ukificha 2, hujafunika hata wastani wa saa hiyo, na wateja hawaji kwa mpangilio wa wastani. Hapo ningeweka 5. Sasa chukua bidhaa nyingine inayouza kipande 1 kwa wiki, nayo imebaki 2. Ukificha 2, umeifuta sokoni bila sababu.

Tena akiba ya kudumu inafungia mzigo hata siku ambayo viko 200 na hakuna hatari yoyote. Mimi napendelea kizingiti. Stoki ikiwa juu ya kizingiti, masoko yote yaonyeshe. Ikishuka hadi 5, masoko mawili yapelekewe sifuri na vitano vya mwisho viuzwe kwenye soko moja tu. Soko likiwa moja hakuna wa kugongana naye, maana soko lenyewe linapunguza papo hapo mteja akinunua.

Nahodha
Kwa hiyo nikose wateja wa masoko mawili kwa sababu ya vipande vitano?

Fundi Hesabu
Kwa muda mfupi, ndiyo. Acha wazi lile linaloadhibu zaidi kufuta oda, au lile lenye faida zaidi baada ya ada. Hilo chagua mwenyewe. Na kama programu yako inapokea taarifa ya oda sekunde ileile inapowekwa, badala ya kwenda kuuliza kila robo saa, kizingiti kinaweza kuwa 1 au 2. Bado usiweke sifuri, kwa sababu taarifa huwa inapotea njiani.

Bi Mdogo wa Oda
Samahanini, mimi nina swali. Wateja wangu nikiwaonyesha bidhaa ya pili wakati wa kulipa hawachukui. Nifanyeje niuze zaidi?

Mtunza Ghala
Dada, huo ni uzi mwingine. Hapa tunazungumzia kuuza ambacho huna.

Bi Mdogo wa Oda
Aa, nimeelewa sasa. Basi hata hilo linanihusu. Nauza kikombe kimoja kimoja na pia seti ya vikombe 4, na seti huwa inaendelea kuonekana ipo wakati vikombe vimeisha.

Mtunza Ghala
Hapo seti umeipa stoki yake peke yake, na ndiyo kosa. Seti isiwe na idadi ya kuandikwa kwa mkono. Ihesabiwe kutoka kwenye vikombe. Kama D2 ndiyo idadi ya vikombe vilivyo huru:

```
=INT(D2/4)
```

Vikiwa 11, seti ni 2. Ukiuza kikombe kimoja bado ni 2, kwa sababu 10 gawa kwa 4 bado inatoa 2 kamili. Ukiuza vitatu zaidi vinabaki 7, seti inashuka hadi 1. Na seti moja ikiuzwa, vikombe 4 vitoke kwenye daftari lilelile, si kwenye daftari la seti. Angalia pia kama SKU ya kikombe, yaani jina la siri unaloipa bidhaa kwenye mfumo, ni ileile kila soko. `KIKOMBE-BLU` na `KIKOMBE BLU` ni bidhaa mbili tofauti kwa programu, na ile isiyotambuliwa haipunguzwi kamwe.

Msafiri wa Kapu
Ngojeni niwaeleze la duka ninalolitunzia matangazo, kwa sababu halikuhusu programu kabisa.

Saa 2 asubuhi faili la bidhaa zote lilipakuliwa ili bei zibadilishwe. Kazi ya bei ikachukua siku nzima. Saa 11 jioni faili likapandishwa. Bei zikabadilika vizuri. Ila faili lilikuwa na safu ya idadi, na ndani yake kuna idadi za saa 2 asubuhi. Kila kilichouzwa kwa saa 9 kikarudi sokoni kwa mpigo. Bidhaa 26 ambazo zilikuwa zimeisha zikawa "zipo". Halafu programu ikaona soko hilo lina stoki nyingi, ikaamini ni mzigo mpya, ikaupeleka na kwenye masoko mengine mawili. Hadi saa 3 usiku kulikuwa na oda 40 za vitu visivyokuwepo.

Kilichoongeza maumivu ni haraka ya kurekebisha. Oda za kwanza zilianza kufutwa wakati matangazo bado yako hewani, na kila oda iliyofutwa ilirudisha kipande 1 kwenye stoki. Kinafutwa, kinarudi, kinanunuliwa tena. Kuna mto mmoja wa kiti uliuzwa mara tatu na rafuni hakuna hata mmoja.

Shuka Kavu
Mara tatu! Pole sana mkuu.

Kaka Rafu
Pole sana. Hao wateja 40 mliwaambia nini? Waliandika maoni mabaya?

Msafiri wa Kapu
Waliandikiwa ukweli usiku uleule, kabla hawajaanza kuuliza. Baadhi walikubali kusubiri mzigo mpya, wengine walirudishiwa hela. Maoni mabaya yalikuja, hayakukwepeka.

Nahodha
Mngefuta kwa sababu ya "mnunuzi ameomba kufuta". Haihesabiwi kwenye akaunti yenu.

Mtunza Ghala
Nahodha, hilo usilifundishe watu. Ni uongo ulioandikwa ndani ya mfumo. Mnunuzi anapata taarifa kwamba ameomba kufuta wakati hajaomba, analalamika, na sasa una makosa mawili badala ya moja. eBay oda iliyofutwa kwa kukosa bidhaa ni dosari ya muuzaji, na dosari zikipita asilimia 2 ya mauzo unashushwa hadhi. Amazon, kwa oda unazotuma mwenyewe, wanataka ulizofuta kabla ya kutuma zibaki chini ya asilimia 2.5. Nafasi ya kukosea ipo, ni ndogo, na ndiyo sababu tunahangaika na vizingiti.

Nahodha
Wapo wanaofanya hivyo miaka yote.

Mtunza Ghala
Na wapo waliofungiwa. Tuendelee.

Msafiri, mpangilio wa usiku kama ule ni huu. Kwanza zima programu, isiendelee kusambaza namba mbovu. Pili peleka sifuri kwenye masoko yote kwa bidhaa zilizoguswa, na usifute oda yoyote kabla ya hapo. Tatu nenda rafuni uhesabu kwa mkono. Nne panga oda kwa saa ya kuingia bila kujali soko, aliyetangulia apewe. Ndipo uwaandikie wanaokosa na ufute, ukiwa umeondoa alama ya kurudisha stoki. Shopify kwa mfano ina kisanduku cha kurudisha bidhaa kwenye stoki pale unapofuta au kurudisha hela. Ukiacha alama, umezalisha kipande cha hewa.

Na faili la bei lisibebe safu ya idadi. Futa safu nzima, kisha jaribu na bidhaa moja uone kama idadi yake sokoni imebaki ilivyokuwa.

Fundi Hesabu
Naongeza moja kwa wenye duka lao la WooCommerce. Kuna mpangilio unaoitwa `Hold stock (minutes)`, na kawaida ni 60. Oda isiyolipiwa inashika kipande kwa dakika hizo, kisha inafutwa. Kama malipo yako huchelewa kuthibitishwa kuliko hapo, mteja anaweza kulipa kitu ambacho kimeshaachiwa na kuuzwa kwingine. Ila ukiweka muda mrefu sana, kipande kimoja kinafungwa na mtu ambaye hana nia. Lazima uangalie malipo yako yanachukua muda gani hasa.

Kaka Rafu
Sasa sisi tunaouza vitu vya mkono wa pili, kila kimoja kipo peke yake? Kizingiti cha 5 kitatoka wapi wakati stoki ni 1 siku zote?

Fundi Hesabu
Kwako kizingiti kinamaanisha soko moja kwa kila kitu. Vigawe: makoti soko hili, mikoba soko lile.

Msafiri wa Kapu
Mimi sikubali. Kitu cha aina moja kinaweza kukaa miezi bila mnunuzi. Uwezekano wa watu wawili kukigusa ndani ya robo saa ileile ni mdogo sana, na kukiweka mahali pamoja kunapunguza macho. Weka kote, ila tenga vile vinavyotazamwa sana.

Kaka Rafu
Vinavyotazamwa sana ndivyo vinavyogongana, hilo ni kweli. Juzi koti moja liliwekwa na watu 14 kwenye orodha zao za kuvutiwa kwenye soko moja, nami nimelitangaza kwenye matatu. Nikishusha bei, wote 14 wanaweza kupata taarifa kwa pamoja. Nafikiri nitayaondoa yale matangazo mawili kabla ya kugusa bei.

Fundi Hesabu
Yaondoe, kisha subiri uhakikishe yametoka kwa kuyafungua kwenye simu ambayo hujaingia na akaunti yako. Ukurasa wa muuzaji unaweza kusema limeondolewa wakati mnunuzi bado analiona.