Tupeane uzoefu: SWOT yako ilitokaje kwenye orodha ikawa mkakati?

Mja wa Langoni: Assalaam alaykum. Tunaosomea biashara huku Lamu tumepewa kazi: chagua biashara ya mtaani, ifanyie SWOT, yaani orodha za nguvu, udhaifu, fursa na tishio, kisha toa mapendekezo. Orodha nne mtu huzijaza jioni moja. Shida iko kwenye hiyo "kisha". Kazi nyingi nilizosoma, ukurasa wa mapendekezo unaanza upya kana kwamba orodha hazikuandikwa. Mliopita hapo, mlivukaje? Mimi nimechagua nyumba ya wageni ya vyumba 6, Mkomani.

Bi Shela: Mwanangu, nimesahihisha kazi hizi miaka mingi, na orodha mbovu naijua hata kabla ya kufungua ukurasa. Nguvu: mandhari nzuri. Udhaifu: ushindani. Fursa: kujitangaza mitandaoni. Tishio: ukosefu wa mtaji. Hapo hakuna hata moja iliyokaa pake. Mandhari ya Lamu ni ya kila nyumba, ushindani uko nje, mtaji uko ndani, na kujitangaza ni kitendo. Ukiandika kitendo kwenye fursa umekwisha kujibu kabla ya kuuliza. Jiulize: biashara hii ikifungwa kesho, jambo hili litabaki? Likibaki, ni la nje.

Sasa nyumba yako. Nguvu: mwenyewe ndiye mpishi, na wageni hurudi kwa ajili ya chakula chake. Udhaifu: Mei na Juni vyumba ni vitupu, na karibu wageni wote ni wa ng'ambo, tena wanapitia tovuti moja inayokata kamisheni. Fursa: kuna wanaokuja kikazi, hao hawangoji msimu. Tishio: serikali za nje zikitoa tahadhari ya usafiri, nafasi zilizowekwa hufutwa. Hapo ndipo unapooanisha. Udhaifu wa Mei ukikutana na fursa ya wageni wa kikazi, unapata chaguo: chumba cha mwezi mzima pamoja na chakula, kiuzwe moja kwa moja bila tovuti. Chaguo la kweli huanguka ukiondoa nukta mojawapo iliyolizaa. Kama linasimama bila hiyo, ulikuwa nalo kichwani tangu mwanzo.

Msomi Barani: Nakubali, ila mmesahau alama. Kila nukta ipewe uzito, izidishwe kwa alama, na yenye jumla kubwa ndiyo mkakati. Na kila nukta lazima ipate mkakati wake.

Bi Shela: Uzito ni mzuri kaka, unakuonyesha nukta za kuoanisha kwanza. Lakini hesabu haizai chaguo. "Chakula kizuri" kikipata alama 20, bado hujasema ufanye nini. Na kila nukta ikipewa mkakati wake utapata mapendekezo kumi na mawili kwa nyumba ya vyumba sita. Profesa wa usimamizi Heinz Weihrich alipoigeuza SWOT kuwa TOWS mwaka 1982, kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kukutanisha ya ndani na ya nje.

Nahodha wa Kioo, Malindi: Jamani, mimi nina mashua ya kioo, napeleka watu kutazama samaki. Mvua zikinyesha Mto Sabaki huleta udongo, maji yanakuwa mekundu, hakuna kinachoonekana. Hii SWOT itanipatia mkopo benki?

Bi Shela: Mkopo ni swali jingine, nahodha wangu. Lakini umetuletea mfano safi. Udongo ni wa nje, huwezi kuuzuia. Udhaifu wako ni kuwa unauza kitu kimoja tu, kutazama samaki. Vikutanishe: safari gani isiyohitaji maji safi?

Nahodha wa Kioo, Malindi: Machweo, pengine. Nitafikiri. Ila dada, hao wa kikazi ni akina nani? Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa 2021, lakini liko Kililana, bara. Mtu wa bandari atavuka maji kila asubuhi arudi jioni? Atalala Mokowe huyo.

Bi Shela: Ahsante nahodha, hapo umenishika. Basi chaguo libaki, wanunuzi wabadilike: wanaokuja hospitali iliyo kisiwani, wa makumbusho, wa kukarabati mji wa kale ulioingia urithi wa dunia 2001. Mja, kabla ya kuliandika nenda kawaulize hao wanalala wapi sasa, na kwa bei gani. Tena mkataba wa mwezi uishe kabla ya Novemba, usije ukala chumba cha msimu.

Mja wa Langoni: Nitawauliza. Na bandari yenyewe niiweke wapi, fursa au tishio? Wavuvi wanalalamikia maeneo yao, na mpishi wangu anategemea samaki wao.

Msomi Barani: Weka pande zote mbili.

Bi Shela: Mimi ningeipasua vipande: wageni upande mmoja, bei ya samaki upande wa pili. Neno "bandari" peke yake haliwezi kuoanishwa na chochote.

Msomi Barani: Mhadhiri wangu alikata alama kwa kupasua. Alisema ni kurudia jambo moja.