Dhahabu imeshuka kwa dola, sonara kapandisha bei. Napigwa, au hesabu yangu ndiyo mbovu?

Mkufu_wa_Mama:
Wakuu habari za muda huu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Mwezi uliopita nilimuulizia sonara mkufu wa karati 18, gramu 12, wa mama yangu. Akanitajia 8,300 za kwetu kwa gramu, ufundi ndani yake. Hela haikutimia, nikasema ngoja nijipange. Tangu siku hiyo naangalia XAU/USD, yaani bei ya dhahabu kwa dola, kwenye simu asubuhi na jioni kama mtu mwenye timu kwenye ligi. Siku ile ilikuwa 3,110. Juzi ikasoma 2,986, karibu asilimia nne chini. Nikajua na mkufu umeshuka.

Jana nimerudi, jamaa ananitajia 8,700! Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanirudishia, akasema, "Hiyo ni bei ya huko. Ya hapa ni hii."

Namba zote nimezikata zisilete desimali. Nalipa au nahama duka?

Chuma_Chakavu:
Hupigwi mkuu, tena huyo sonara ni mstaarabu. Hiyo 2,986 ni ya wakia moja. Wakia ni gramu 28.35. Gawanya, unapata dola 105 na senti kwa gramu. Karati 18 ni robo tatu, yaani kama dola 79. Zidisha kwa dola ya leo, 107 si ndiyo? Inakuja 8,450 na kitu. Yeye anakuuzia 8,700, faida yake ni 250 tu kwa gramu. Lipa uondoke.

Mkufu_wa_Mama:
Ndiyo, programu ya simu inasema 107. Mwezi uliopita ilikuwa 100 kamili. Kumbe na hiyo inaingia? Mimi nilikuwa naangalia dhahabu peke yake.

Mizani:
Chuma_Chakavu njia yako ni sahihi, wakia ndiyo imekuponza. Uliyotumia ni ya kupimia unga na barua. Dhahabu ina wakia yake, gramu 31.1035. Tofauti ni karibu asilimia kumi, na asilimia kumi kwenye dhahabu ni hela ya mtu.

Tuanze upya na namba za mwenye uzi. Mwezi uliopita: 3,110 gawa kwa 31.1, gramu ya dhahabu safi ni dola 100. Karati 18 ina robo tatu ya dhahabu, iliyobaki ni shaba na fedha, kwa hiyo dola 75. Dola ikiwa 100 za kwetu, gramu ni 7,500.

Leo: 2,986 gawa kwa 31.1, dola 96. Robo tatu yake ni 72. Mara 107, unapata 7,704.

Umeona? Dhahabu kwa dola imeshuka asilimia nne, lakini fedha yetu imelegea asilimia saba. Ukizizidisha pamoja gramu imepanda karibu asilimia tatu. Simu yako haikudanganya, ila ilikuonyesha nusu ya mambo.

Ila sonara naye hajatoka salama. Mwezi uliopita alikuwa juu ya dhahabu yake kwa 800, yaani kama asilimia 10.7. Leo yuko juu kwa 996, karibu asilimia 13. Hapo ndipo pa kuuliza.

Chuma_Chakavu:
Nimekubali kuhusu wakia. Miaka yote hii nilikuwa najiona nanunua kwa bei ya bure.

Bangili_Tatu:
Samahani naingilia kati. Mimi nina bangili tatu za karati 21, nilinunua 6,800 kwa gramu wakati dola ni 80. Leo sonara anataka kuzichukua kwa 8,200. Niuze? Naona ni faida nzuri tu.

Mizani:
Dada, badili kwanza ziwe dola halafu ndiyo uite faida. Ulitoa dola 85 kwa gramu, leo unapewa kama 76 na nusu. Kilichopanda ni namba kwenye noti.

Na sehemu kubwa ya kilichopungua ni ufundi. Ulilipia kazi ya mikono siku ya kununua, siku ya kuuza anapima dhahabu tu, na ikiwa kuna vijiwe anaving'oa kabla ya kuweka mzani. Dhahabu yenyewe leo kwa karati 21 ni dola 84 kwa gramu, sawa na 8,988. Kwa hiyo 8,200 ni kama asilimia 91. Nimeona mabaya zaidi ya hayo, ila zunguka maduka mawili matatu.

Bangili_Tatu:
Mbona umeniharibia siku.

Pweza_Mkavu:
Mimi nina swali ambalo hakuna sonara amewahi kunijibu vizuri. Sonara wa kwetu simuoni akiagiza dhahabu nje. Anaokota vipande vya watu, pete zilizokatika, hereni moja moja, anayeyusha, anatengeneza. Dola inamhusu nini? Hiyo ni dhahabu ya hapahapa, imenunuliwa kwa hela ya hapahapa.

Fundi_Tanuru:
Mimi ni sonara, ngoja nijibu kwa niaba ya tanuru.

Ni kweli zaidi ya nusu ya dhahabu yangu ni ya kuyeyusha. Lakini anayeniletea pete iliyokatika naye ana simu. Ananitajia XAU/USD kabla hajaketi. Nikimpa bei ya mwaka jana anabeba pete yake anaenda kwa jirani, na jirani akikataa kuna wanunuzi wanaoikusanya kuipeleka nje, wao wanalipwa dola. Kwa hiyo hata kipande ambacho hakijawahi kuvuka mpaka kinauzwa kwa bei ambayo kingepata nje. Hakuna dhahabu ya hapahapa.

La pili. Nikimuuzia mwenye uzi gramu 12 leo, kesho natafuta gramu 12 nyingine kujaza sanduku. Sihesabu nilinunua kwa ngapi, nahesabu nitarudishia kwa ngapi. Nikiuza kwa bei ya zamani, hela niliyopata itanunua gramu 11 na kitu. Fanya hivyo mara kumi uone kama duka lina kitu.

Pweza_Mkavu:
Hapo kwenye kurudishia nimekuelewa. Sasa mbona ikipanda mnapandisha saa ileile, ikishuka mnasubiri? Kama unahesabu bei ya kurudishia, basi ikishuka nayo unarudishia kwa bei rahisi.

Fundi_Tanuru:
Ikishuka siku moja siamini. Ikikaa chini wiki nzima nashusha.

Pweza_Mkavu:
Na ikipanda siku moja unaamini?

Fundi_Tanuru:
Naogopa. Ni vitu viwili tofauti.

Mizani:
Pweza ana hoja, na fundi amejibu kwa uaminifu kuliko wengi. Lakini kabla hatujaiita ile asilimia mbili ya juu kuwa ni ulafi, tupime kitu kimoja. Chukua 8,700, toa ile nyongeza ya kawaida ya asilimia 10.7, inabaki kama 7,860. Gawa kwa dola 72. Unapata 109 na kidogo. Hiyo ndiyo dola aliyonayo sonara kichwani. Wewe unatumia 107, yeye anatumia 109.

Mkufu_wa_Mama, hiyo 107 ni ya kununua, ya kuuza, au ya katikati?

Mkufu_wa_Mama:
Nimeangalia sasa hivi tovuti ya benki. Wananunua dola kwa 105, wanauza kwa 109. Ile ya simu ni ya katikati, hakuna anayekupa kwa bei hiyo.

Mizani:
Basi umeshajijibu. Anayerudishia dhahabu kwa dola anazinunua dola, kwa hiyo anahesabu bei ya benki kuuzia. Mwezi uliopita fedha ilipokuwa imetulia, pengo la kununua na kuuza huenda lilikuwa dogo. Fedha ikianza kuyumba, pengo linapanuka, na upana huo unaingia kwenye mkufu wako.

Pale dola ya benki inapokuwa haipatikani kabisa, mambo yanageuka zaidi. Misri mwanzoni mwa 2024 dola rasmi ilikuwa kama pauni 31, ya mtaani mwishoni mwa Januari ilifika karibu 70. Masonara walikuwa wanahesabu kwa ya mtaani. Mwezi Machi benki kuu ilipoiachia pauni, dola rasmi ikaruka hadi karibu 50. Anayeangalia dola rasmi angesema dhahabu itapaa. Kinyume chake, katika wiki zile dola ya mtaani iliporomoka na dhahabu ya dukani ikashuka nayo. Ukitaka kujua nchi inaishi na dola ya bei gani, wakati mwingine dirisha la sonara linasema wazi kuliko ubao wa benki.

Chuma_Chakavu:
Sasa kwa hesabu hizo asubiri au anunue? Mimi naona asubiri, dhahabu inashuka.

Mizani:
Akisubiri anabeti mara mbili. Dhahabu ikibaki palepale na dola ya kuuzia ikirudi 103, gramu ni 7,416, amepona. Dhahabu ikirudi dola 100 kwa gramu na dola ikatulia 105, gramu ni 7,875, amekula hasara hata kama fedha yetu imeimarika. Mimi sijui itakwenda wapi, na anayesema anajua muulize mbona bado anafanya kazi.

Kitu kilicho mikononi mwake ni ufundi. Mwombe sonara akutenganishie: dhahabu ni kiasi gani, kazi ni kiasi gani. Akikutajia kazi kwa asilimia, omba kiasi kimoja kisichobadilika. Jasho la kusuka mkufu halijaongezeka kwa sababu dola imepanda.

Fundi_Tanuru:
Hapo unatuumiza, gesi na borax navyo vimepanda. Lakini akiomba kwa heshima, atapewa kitu.

Mkufu_wa_Mama:
Nimerudi wakuu. Nimeenda leo na karatasi ya hesabu. Alicheka kwanza, halafu akatenganisha: dhahabu 7,848 kwa gramu, ufundi 850. Yaani 72 mara 109 kamili, kama mlivyosema. Tumevutana, ufundi umeshuka hadi 700 kwa gramu. Jumla 8,548, mkufu mzima 102,576. Nimeokoa 1,824.

Tatizo jipya: anataka nusu ya hela sasa, nyingine mkufu ukikamilika baada ya wiki tatu. Dola ikiruka katikati je?

Fundi_Tanuru:
Usiandikiwe risiti ya hela tu. Iandikwe kwamba umelipia gramu sita kwa bei ya leo. Hizo sita zimefungwa, hata dola ifike 120. Gramu sita zilizobaki mtakubaliana: bei ya leo, au bei ya siku ya kuchukua. Mimi kwa mteja wangu naandika bei ya siku ya kuchukua.

Pweza_Mkavu:
Na ikishuka?

Fundi_Tanuru:
Nayo naandika hivyohivyo. Karatasi haina mdomo wa kubadilisha.

Mkufu_wa_Mama:
Risiti aliyonipa imeandikwa "amelipa nusu ya mkufu". Gramu hazimo. Ngoja nirudi kabla hajafunga.