Mrejesho: bakapu za aifoni na aipadi zilizojaza diski

Niliuliza: "Kompyuta ya ofisini hapa Kampala, diski C imejaa na mafaili yangu ni machache. Nini kinakula nafasi?"

Asanteni sana wakuu, mlipatia. Kwenye iTunes nilifungua Edit, Preferences, Devices, nikafuta bakapu za simu niliyokwisha kuuza. GB 38 zikarudi. Ya aipadi haikuonekana pale kabisa, kwa sababu iTunes ya Microsoft Store huhifadhi kwingine; ile ya awali ilikuwa imeiacha hapa:

```
%APPDATA%\Apple Computer\MobileSync\Backup
```

Kuchomoa picha humo kumeshindikana, mafaili yana majina ya herufi na tarakimu tupu. Basi nimenakili folda nzima kwenye diski ya nje, nikaifuta, kisha nikamwaga Recycle Bin. Kabla ya kuimwaga, nafasi haikuongezeka.