Rangi ya utando wa kitunguu: iodini, methilini buluu au GV ya duka la dawa?

Ticha Buswelu
Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo nina kidato cha pili, seli ya mmea kwa kutumia kitunguu. Kipindi ni cha dakika 80. Hadubini ninazo tatu, zote za kioo cha kuakisi mwanga, kwa hiyo nitazipanga dirishani. Kabatini kuna iodini ya siku nyingi, imepauka kama chai ya rangi iliyoongezwa maji. Methilini buluu ipo kidogo, ni unga. Duka la dawa hapa Buswelu wana povidoni iodini na GV. Nataka watoto waone kiini, siyo vyumba vitupu tu. Mngetumia ipi?

Mzawa wa Igoma
Iodini achana nayo, mwalimu. Ile ni ya kupimia wanga. Ukiidondoshea kitunguu, seli zote zitakuwa nyeusi tii na kiini hukioni. Methilini buluu ndiyo yenyewe.

Fundi Maabara
Mzawa, kuhusu wanga uko sahihi, ila kitunguu maji hakihifadhi wanga. Chakula chake anakiweka kama sukari, ndiyo maana ukikikaanga kinakuwa kitamu. Iodini ikiingia humo, saitoplazimu inakuwa njano hafifu na kiini kinakuwa hudhurungi, kinaonekana vizuri. Ukiona vitone vya buluu-nyeusi, uliza kisu kilikata nini kabla. Mara nyingi ni kiazi au muhogo.

Mwalimu, hiyo iodini yako usiimwage bado. Dondoshea tone kwenye ugali. Ikigeuka buluu-nyeusi papo hapo, bado ina nguvu. Ikibaki njano, tengeneza nyingine: gramu 2 za potasiamu iodidi kwenye maji kidogo, zikishayeyuka weka gramu 1 ya iodini, koroga mpaka iishe, kisha ongeza maji mpaka mililita 300. Usianze na iodini kwenye maji matupu, itakaa chini ya chupa ikikutazama. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia, mwanga unaiharibu.

Nyegezi Samaki
Methilini buluu mimi ninayo ya maji, tunawekea mayai ya kambale yasishike ukungu. Naweza kumgawia mwalimu. Ila na mimi nina swali: nikiweka yai lenye ukungu chini ya hadubini na hiyo hiyo dawa, nitauona ukungu wenyewe?

Fundi Maabara
Utauona, nyuzi nyuzi ndefu. Ila fungulia mada yake, mkuu, hapa tutampoteza mwalimu. Na hiyo ya samaki sijui imechanganywa kwa nguvu gani. Kwa unga wake ni rahisi zaidi: gramu 0.1 kwenye mililita 100 za maji, chuja, basi.

Ticha Buswelu
Asante, Fundi. Sasa kwa macho ya mtoto anayetazama mara ya kwanza, ipi inaonyesha zaidi?

Fundi Maabara
Kiini chenyewe, methilini buluu inakikoleza kuliko iodini, maana inashikana na DNA. Tatizo ni kwamba inashika na kuta za seli, na ikizidi kila kitu kinakuwa buluu. Inabidi uiache dakika mbili tatu kisha uisafishe kwa maji, na hapo ndipo vikundi vinapopoteza muda. Iodini inasamehe. Dakika moja na nusu hivi, unatazama, hata usiposafisha bado unaona. Kwa darasa kubwa na hadubini tatu, mimi ni iodini.

Ila rangi siyo inayoharibu kazi mara nyingi, ni utando wenyewe. Kata kitunguu robo, toa gamba moja nene la ndani. Upande wake uliobonyea una ngozi nyembamba isiyo na rangi. Livunje gamba kuelekea nje, ile ngozi itabaki imening'inia, ishike kwa kibanio na uivute taratibu. Ikitoka nyeupe na nene umebeba na nyama, tupa. Inayofaa ni kama haipo, unaiona tu inavyong'aa. Kata kipande cha milimita 5 kwa 5 *ndani ya tone la maji kwenye slaidi*, siyo mezani, maana hewani kinajikunja na kukauka, na kukikunjua ni shughuli. Nyoosha kwa sindano. Kava slipu igusishe ukingo kwenye maji ikiwa imeinama, kisha ishushe na sindano polepole. Ukiiachia ianguke unapata mapovu.

Dada wa Nansio
Na mapovu ndiyo watoto huchora! Duara kamili lenye ukingo mweusi mnene, wanaandika pembeni "kiini". Waambie mapema: kiini kiko ndani ya seli moja, mara nyingi kimesukumwa ubavuni karibu na ukuta. Povu halijali mipaka ya seli.

Huku Ukerewe mimi naanza bila rangi kabisa. Nabana kiwambo cha mwanga chini ya meza ya hadubini, mipaka inajitokeza. Kwa lenzi ya 40 ukivumilia unaona chembe chembe zikitembea kwenye saitoplazimu. Ukishatia iodini seli imekufa, hakuna kinachotembea tena.

Mzawa wa Igoma
Sasa si atumie ngozi ya nje ya kitunguu chekundu? Ile ina rangi yake tayari, hahitaji dawa.

Dada wa Nansio
Ile rangi imo kwenye vakuoli, kaka, inajaza karibu seli nzima. Kwa kuonyesha seli inavyonywea kwenye maji ya chumvi ni nzuri sana, ila kiini haikionyeshi.

Fundi Maabara
Anachosema Dada kinaungana vizuri na iodini. Watazame kwanza kwa maji matupu, kisha watie rangi bila kufunua: tone la iodini ukingoni mwa kava slipu, upande wa pili gusisha kipande cha tishu. Tishu inavuta maji, iodini inaingia chini, na mtoto anaona rangi ikitembea akiwa kwenye lenzi ya 10. Tahadhari moja, kioo kielekezwe anga jeupe, kamwe siyo jua lenyewe. Ni jicho la mtu hilo.

Zambarau
Mnaipita GV hivi hivi. Mimi shule niliyopo hakuna kemikali hata moja, natumia GV. Tone moja kwenye matone kumi ya maji. Kuta zinatoka safi kabisa.

Fundi Maabara
Kuta sawa. Kiini je?

Zambarau
Kinaonekana, ila siyo kila seli. Na kuna vichembe vya zambarau vinatapakaa, navichuja kwa kitambaa vinapungua.

Ticha Buswelu
Povidoni je? Hakuna aliyeigusa.

Dada wa Nansio
Nimeitumia bila kuongeza maji, dakika tano, kisha nikapitisha maji kwa tishu. Kiini kilitoka ila rangi ni hafifu. Usinunue ile ya kunawia mikono, ina sabuni, utapata mapovu matupu.

Fundi Maabara
Iodini yake imefungwa, inaachiwa kidogo kidogo, ndiyo maana inachelewa. Mimi huongeza maji kidogo ili uwanja usiwe kahawia.

Dada wa Nansio
Ukiongeza maji kwangu haishiki kabisa. Labda chapa zinatofautiana.

Ticha Buswelu
Wabeja sana. Nimejaribu ile ya kabatini kwenye ugali: imebaki njano. Kesho naomba potasiamu iodidi shule ya jirani, wakikosa nachukua povidoni na najaribu zote mbili, ya maji na isiyo na maji, kabla ya kipindi. Slaidi zikianza kukauka dirishani, glisarini inafaa?

Fundi Maabara
Baada ya iodini, ndiyo, tone dogo ukingoni. Kabla ya rangi hapana: itavuta maji kutoka kwenye seli hai, na Dada atakosa chembe zake zinazotembea.