Kamera 8, siku 30 za kurekodi, diski ya TB ngapi?

geti_jeusi: Wakuu naombeni msaada. Nina kamera 8 na NVR yake, nataka irekodi muda wote na nikirudi nyuma nikute siku 30. Kwenye menyu kila kamera inasoma `H.264`, `CBR`, `4096 Kbps`. Nikapiga 4 mara sekunde 86400 mara kamera 8 mara siku 30 ikaja TB 83 hivi, nikashtuka, fundi naye anasema TB 4 inatosha kabisa. Nani kakosea hapa?

Chuma_Doto: TB 83 za nini mkuu, weka H.265 faili zinapungua nusu, imeisha hiyo.

waya_mwekundu: Mmekosea wote, wewe na fundi. Hiyo 4 ni megabiti, diski inapimwa kwa baiti, ulisahau kugawa kwa 8.

```
4 x 86400 / 8 / 1000 = 43.2 GB
43.2 x 8 = 345.6 GB
345.6 x 30 = 10368 GB
```

Mstari wa kwanza ni kamera moja kwa siku, wa pili zote 8, wa tatu mwezi mzima, yaani TB 10.4. Ukifunga TB 4 utapata siku 11 na kidogo halafu inaanza kufuta za zamani kimyakimya, utagundua siku unatafuta tukio la wiki mbili nyuma na halipo.

Na Doto, ukibadili kuwa H.265 ukaacha 4096 palepale kwenye CBR diski inajaa vilevile, kinachopanda ni ubora wa picha tu. Lazima ashushe namba mwenyewe. Akiweka 2048 inakuja TB 5.2, hapo diski ya TB 6 inamtosha.

Bi_Rehema: Mbona mimi kamera yangu inatumia kadi ya GB 64 tu na napata siku 5?

waya_mwekundu: Dada yangu hiyo ni kamera moja, na inaelekea iko kwenye Mbps 1, ambayo inakula GB 10.8 kwa siku.

geti_jeusi: Asante sana mkuu. Na nikiweka VBR, au irekodi kukiwa na mwendo tu?

waya_mwekundu: Kwenye VBR namba ya menyu ni kikomo cha juu, mchana itakuwa chini ila usiku picha ikiwa na chengachenga inapanda, mimi napigia hesabu kikomo. Mwendo siuamini, mti ukitikiswa na upepo inarekodi usiku kucha.

Chuma_Doto: Hapo nakataa, mimi natumia mwendo na siku zimeongezeka mara mbili.

waya_mwekundu: Yako iko ndani ya stoo, yake inaangalia geti. Ajaribu saa 24 na usiku ukiwemo, aone GB ngapi zimeliwa, azidishe kwa 30. Diski ya TB 6 ikisoma 5.4 usigombane na muuzaji, ni namna ya kuhesabu tu. Ila kabla hujanunua angalia NVR yako inapokea diski ya mwisho TB ngapi.

geti_jeusi: Naijaribu kamera ya geti leo usiku, kesho naleta namba.