Swali la nne la Salma

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Shebe, Jumamosi*

16:12 Ma'mdogo Zuhura: Assalaam alaykum wana ukoo. Salma yuko kwangu mapumziko ya siku mbili, kesho saa kumi jioni anarudi bweni na simu inabaki hapa. Jumatatu asubuhi anatakiwa arudishe insha ya historia, swali la nne, aliyopata 7 kati ya 20. Naomba kila mwenye kichwa aingie humu leo. Mjomba Hemedi, Shangazi Mwanaidi, Rehema, nawataja kwa majina ili mtu asije akasema hakuona.

16:14 Ma'mdogo Zuhura: Swali hili: "Eleza jinsi Tsar wa Urusi alivyoangushwa na jinsi dola la kikomunisti lilivyoinuka." Salma, weka ulichoandika. Na Juma, kesho gari lako lipo? Mtoto ana sanduku.

16:31 Salma: Shikamooni wote. Nilianza hivi: "Mwaka 1917 Lenin na Wabolsheviki walimpindua Tsar Nikolai wa Pili kwa sababu ya njaa, vita na ukandamizaji, wakaunda dola la kikomunisti." Halafu nikaorodhesha sababu nane. Mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya jina la Lenin akaandika "Alikuwa wapi?" Sikuelewa, na niliona aibu kuuliza.

16:40 Mjomba Hemedi: Marahaba mwanangu. Mbona umeandika sawa tu. Lenin ndiye aliyempindua Tsar, hata sisi tulisoma hivyo. Huyo mwalimu ana lake jambo.

16:58 Rehema: Muweke na Gorbachev. Yeye ndiye aliyekuwa juu Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991.

17:01 Ma'mdogo Zuhura: Rehema, wameuliza kuinuka.

17:02 Rehema: Si limeandikwa "alivyoangushwa"?

17:02 Ma'mdogo Zuhura: TSAR alivyoangushwa!

17:05 Juma: Kwani huyo Tsar alikuwa anachezea timu gani 😂

17:06 Ma'mdogo Zuhura: Juma nimekuuliza gari.

18:47 Shangazi Mwanaidi: Samahanini, nilikuwa msibani, simu nimeishika sasa hivi. Salma, huyo mwalimu wako amekusaidia sana, ameweka kidole penye jeraha lenyewe. Tsar alipojiuzulu, Lenin alikuwa Uswisi. Trotski alikuwa Marekani. Stalin alikuwa uhamishoni Siberia. Sasa nani alimpindua?

18:49 Mjomba Hemedi: Wabolsheviki waliobaki.

18:55 Shangazi Mwanaidi: Walikuwepo, kaka, lakini hawakuongoza. Mwaka 1917 kulikuwa na mapinduzi mawili, na swali hili lina nusu mbili kwa sababu hiyo. La Februari lilimwondoa Tsar. La Oktoba liliiondoa serikali iliyomrithi Tsar. Katikati kuna miezi minane. Ukiziunganisha nusu hizo kwa sentensi moja, kama alivyofanya Salma, msahihishaji anajua hapohapo kwamba mtahiniwa amekariri.

19:03 Salma: Shangazi, basi sababu zangu nane nizifute?

19:14 Shangazi Mwanaidi: Usizifute, zipime. Chukua mwaka 1905. Njaa ilikuwepo. Vita ilikuwepo, Urusi ilikuwa inapigwa na Japani. Ukandamizaji ulikuwepo, Januari ile askari waliwafyatulia risasi watu waliokuja kwa amani kwenye kasri na ombi mkononi. Migomo nchi nzima. Na Tsar yuleyule akabaki kitini miaka kumi na miwili zaidi. Kwa hiyo njaa, vita na ukandamizaji peke yake havijibu swali. Jiulize 1917 kilibadilika nini.

19:15 Juma: Kocha

19:16 Ma'mdogo Zuhura: Juma!!

19:22 Salma: Jeshi?

19:36 Shangazi Mwanaidi: Jeshi. Mwaka 1905 sehemu kubwa ya askari walibaki na Tsar. Sasa fuatilia siku chache tu za Petrograd, mji mkuu wao wakati huo, mwaka 1917. Tarehe 23 Februari kwa kalenda yao, Siku ya Wanawake, wanawake wa viwanda vya nguo wanatoka barabarani wakidai mkate, na wafanyakazi wa viwanda vya chuma wanajiunga nao. Jumapili tarehe 26 askari wanaamriwa wafyatue, wanafyatua, watu wanakufa. Usiku ule kikosi kimoja cha Volinski kinarudi kambini hakilali. Asubuhi ya tarehe 27 wanakataa kutoka, wanamuua kapteni wao, wanakwenda kuwaamsha wenzao wa kambi za jirani. Kufika jioni mji umeshaondoka mkononi mwa serikali. Andika siku hizo mbili, usiku na asubuhi. Zina uzito kuliko orodha yako yote.

19:41 Rehema: Wanawake wa mkate! Hawa ndio wa kuandikwa. Mimi ngano ikipanda hapa dukani nakaribia kupindua mtu. Lakini Urusi si nchi ya ngano, mkate ulikosekanaje?

19:52 Shangazi Mwanaidi: Umeuliza la maana Rehema. Nafaka ilikuwepo vijijini. Mkulima hakutaka kuuza, kwa sababu pesa ilikuwa imeshuka thamani na viwanda vinatengeneza silaha, hakuna jembe wala nguo ya kununua. Na ile iliyouzwa haikufika mjini, reli ilikuwa imechoka, mabehewa yanabeba vitu vya vita.

19:55 Mjomba Hemedi: Hapo sasa umenigusa. Mimi reli nimeila miaka 22. Injini zikikosa vipuri na ukazitumia mfululizo, baridi ikiingia zinakufa kwa makundi. Sasa hao na baridi yao ile! Mji hauli si kwa sababu hakuna chakula, hauli kwa sababu treni haijafika. Salma andika hilo, useme mjomba kasema.

20:01 Shangazi Mwanaidi: Na treni ndiyo iliyommaliza mwenyewe. Tsar alikuwa Mogilev, makao makuu ya jeshi. Tangu Agosti 1915 alijipa ukamanda mkuu, kwa hiyo kila kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza kukawa kwake. Akapanda treni kurudi kwa familia yake karibu na mji mkuu. Njiani akaambiwa mbele reli imeshikwa na waasi. Treni ikageuzwa ikaelekea Pskov. Pale makamanda wa pande zote za vita wakaulizwa kwa simu ya maandishi, wote wakajibu ajiuzulu. Tarehe 2 Machi akasaini ndani ya behewa. Akamwachia mdogo wake Mikhail, naye kesho yake akakataa. Ufalme ukaishia hapo.

20:03 Mjomba Hemedi: Ndani ya behewa! Subhanallah. Haya, Lenin namtoa. Lakini Oktoba ni wake.

20:04 Shangazi Mwanaidi: Oktoba ni wake, na wa Trotski.

20:10 Salma: Shangazi hapo ndipo ninapokwama. Kama Tsar ameshaondoka, watu walitaka nini tena?

20:24 Shangazi Mwanaidi: Vilevile walivyotaka Februari, kwa sababu hawakupewa. Serikali ya Muda ilikuwa ofisini, lakini wafanyakazi na askari walilisikiliza baraza lao, Sovieti ya Petrograd. Serikali ikaendelea na vita. Juni Kerenski, waziri wa vita, akaamuru mashambulizi mapya, yakashindwa vibaya. Na suala la ardhi wakasema lisubiri Bunge la Katiba. Wakulima wakachoka kusubiri, wakaanza kugawana mashamba ya mabwana wenyewe. Lenin alisharudi Aprili, na maneno yake yalikuwa mepesi kubeba: amani, ardhi, mkate.

20:27 Juma: Ardhi kwa wakulima. Na sisi la Muheza lini?

20:29 Rehema: Juma usianze.

20:31 Juma: Naanza mimi au lilianza lilipouzwa? Miaka kumi na moja tunaambiwa tusubiri kikao.

20:33 Mjomba Hemedi: Lilipouzwa ulikuwa wapi wewe? Uliitwa hukuja.

20:34 Juma: Niliitwa kwa barua iliyofika baada ya arobaini.

20:36 Ma'mdogo Zuhura: Jamani mtoto ana insha! Shangazi endelea na Agosti.

20:52 Babu Shebe: Nimesoma yote. La Muheza halisemwi humu. Mwenye neno aje nyumbani, akae, aseme.

20:58 Babu Shebe: Salma mjukuu wangu. Mimi nilisoma Leningrad kuanzia 1971. Kila mwaka tarehe 7 Novemba tulisimama kwenye baridi kutazama gwaride la Mapinduzi ya Oktoba. Nikauliza, mbona Oktoba inasherehekewa Novemba? Wakanieleza kalenda yao ya zamani ilikuwa nyuma siku 13. Kwa hiyo ukiandika tarehe, sema ni ya kalenda ipi, usichanganye mbili katika insha moja. Jambo la pili. Mpishi wa bweni letu alikuwa mtu wa Samara, mtoto wa mwaka 1910. Baba yake alikufa njaa ya Volga mwaka 1921. Wakati huo Wabolsheviki wako madarakani mwaka wa nne. Usiandike kana kwamba dola lilipatikana usiku mmoja. Lilipiganiwa miaka, na waliolilipia wengi hawakuwahi kuliona.

21:20 Salma: Asante Babu. Shikamoo.

21:26 Shangazi Mwanaidi: Shikamoo baba. Hilo la pili ndilo ningelimalizia. Salma, Agosti jenerali Kornilov alipoelekeza askari Petrograd, Kerenski aliogopa, Wabolsheviki wakapata silaha za kuulinda mji. Kornilov akashindwa, silaha zikabaki kwao. Septemba wakawa wengi ndani ya Sovieti ya Petrograd. Ndiyo maana usiku wa tarehe 25 Oktoba Kasri la Majira ya Baridi, makao ya Serikali ya Muda, lilianguka kwa damu kidogo sana. Kuchukua kulikuwa rahisi. Katika uchaguzi wa Bunge la Katiba walipata kama robo ya kura, chama cha wakulima cha Wasoshalisti wa Kimapinduzi kikawashinda. Januari 1918 Bunge likakutana mara moja tu, likafungwa. Hapo ndipo dola la chama kimoja linapoanza kuonekana. Machi wakatia saini amani na Wajerumani Brest-Litovsk, wakapoteza eneo kubwa. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Umoja wenyewe ukatangazwa Desemba 1922.

21:31 Mjomba Hemedi: Yaani walishindwa kura? Hilo sikulijua maisha yangu yote.

21:33 Shangazi Mwanaidi: Ndiyo kaka. Ingawa mijini na kwa askari wa karibu na mji mkuu walikuwa na nguvu, na hiyo nayo aiandike, ndiyo iliyowabeba.

22:08 Salma: Nimeanza upya: "Tsar Nikolai wa Pili aliangushwa Februari 1917 pale askari wa Petrograd walipokataa kuwapiga risasi raia wenye njaa, jambo ambalo halikutokea mwaka 1905. Wabolsheviki hawakumwangusha, walichukua madaraka Oktoba kwa sababu serikali iliyomrithi ilishindwa kuleta amani na ardhi, na ilibidi wapigane miaka kadhaa kuyalinda." Tarehe zote nimetumia kalenda ya zamani.

22:15 Shangazi Mwanaidi: Hapo umeandika. Ila umesema "walipokataa", na Jumapili walifyatua. Rekebisha. Na nusu ya pili bado nyembamba, niandikie aya ya Januari 1918 kabla ya adhuhuri kesho.

22:17 Rehema: Na Gorbachev haingii kabisa?

22:19 Ma'mdogo Zuhura: Haingii. Sasa kesho. Salma ataandika mpaka saa sita, Shangazi atasoma saa saba, saa tisa na nusu tunatoka. Nani ana gari? Nauli ya bodaboda na sanduku haiwezekani. Mjomba, unaweza kuchangia mafuta?

22:40 Mjomba Hemedi: Elfu tano nitatuma. Mengine muulize Juma.

22:41 Ma'mdogo Zuhura: Juma?

23:05 Juma: Babu, kesho nikija nyumbani utakuwepo?