Jiko la jua: sanduku au dishi kwa wali na maharage? Niko Dodoma

mama_nzuguni
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Nzuguni, nyumbani tuko sita, na siku ya maharage mkaa unaisha mpaka unaumia moyo. Nataka kununua jiko la jua. Nimeona aina mbili: sanduku la mbao lenye kioo na kifuniko kinachong'aa kwa ndani, na lile dishi kubwa ambalo sufuria inakaa katikati. Dishi bei yake ni zaidi ya mara mbili.

Jumapili jirani aliniazima sanduku. Nikaweka maharage mekundu nusu kilo saa nne asubuhi, nikalielekeza mashariki kulikokuwa na jua, nikaenda kanisani. Kurudi saa nane nimekuta maji ya moto kidogo tu na maharage yanagonga meno. Sanduku ndiyo halifai, au mimi ndiye nilikosea? Ninunue dishi?

umeme_mtaani
Dada, kwa familia ya watu sita chukua paneli kubwa na betri ya kutosha, usinunue ndogo. Ukikosea betri, jiko litazima hata kabla ya chai.

mama_nzuguni
Asante kaka, lakini haya hayana umeme. Ni mwanga wenyewe unaopasha sufuria.

mzee_wa_kongwa
Mama, kabla ya kununua chochote nijibu matatu. Sufuria ilikuwa ya rangi gani? Maharage uliyaloweka? Na kifuniko kilikuwa upande gani wa sanduku?

mama_nzuguni
Shikamoo mzee. Sufuria ya alumini, nimeisugua inang'aa. Sikuloweka. Kifuniko kilikuwa upande wa magharibi, kinarudisha jua la asubuhi ndani.

mzee_wa_kongwa
Marahaba. Basi sanduku halina kosa. Sufuria inayong'aa inarudisha mwanga badala ya kuunywa. Tafuta nyembamba, ipake masizi au rangi nyeusi isiyong'aa kwa nje tu, na iwe na kifuniko cheusi pia. La pili ni hilo la kifuniko cha sanduku. Asubuhi kilikusaidia, lakini jua lilipovuka kichwa kikageuka mwavuli, kikatia kivuli juu ya kioo chako mwenyewe. Tangu saa saba chakula chako kilikuwa kinapoa.

ihumwa_kwetu
Mimi naona mnajichosha. Sisi tuko karibu na ikweta, jua liko utosini mwaka mzima. Laza kioo kitazame mbinguni, hakuna cha kugeuza.

mzee_wa_kongwa
Hilo ni kweli mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 9 Oktoba, jua linapopita juu ya Dodoma kabisa. Sasa ni Julai. Simama uani mchana uangalie kivuli chako: kinaangukia kusini, maana jua linapita kaskazini. Mwezi huu sanduku litazame kaskazini-mashariki asubuhi, kaskazini mchana, kaskazini-magharibi baadaye. Desemba ni kinyume, jua linapita kusini. Tena jua letu halifiki juu kabisa saa sita kamili. Mwezi huu ni karibu saa saba kasorobo. Ukigeuza, usililenge lilipo sasa, lenga litakapokuwa baada ya nusu saa, ndipo utakaa saa nzima na zaidi bila kuligusa.

mama_nzuguni
Nimeelewa. Sasa dishi je? Muuzaji anasema linafika nyuzi mia mbili na zaidi, sanduku haliwezi.

mzee_wa_kongwa
Hakudanganyi. Dishi likilengwa vizuri hupasha kitako cha sufuria kupita hapo. Sanduku langu likiwa tupu, mchana kipimajoto kinasoma kama 130. Lakini maharage yamo ndani ya maji, na maji yakichemka hayapandi tena. Hapa kwetu tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Dishi au sanduku, maharage yatapikwa kwa 96 hizo hizo. Tofauti ni muda wa kufika kwenye mchemko: dishi nusu saa, sanduku saa mbili au mbili na nusu. Baada ya hapo maharage yanadai muda wao uleule. Kwa hiyo kwa maharage faida ya dishi ni ndogo kuliko bei yake. Ukitaka kukaanga vitunguu, chapati au kusonga ugali, hapo dishi halina mpinzani, kwa sababu sanduku ukilifungua kila mara joto linatoka lote.

mamalishe_singida
Naongeza la dishi, nimelitumia miaka mitatu. Linataka mtu. Kila robo saa unaligeuza, na upepo wa Julai uliliangusha na sufuria ya mchuzi. Sasa naweka mawe makubwa miguuni. Watoto wasisogee: mwanga ule unaunguza mkono na kuumiza macho. Ukienda kanisani, dishi limezimika.

Lakini jambo kubwa ni mawingu. Januari iliyopita wingu lilitanda saa tano, maharage mekundu yalikuwa hayajachemka. Nikayaacha kwenye sanduku hadi jioni, yakalainika kiasi, tukala. Usiku watoto wawili walitapika sana.

mzee_wa_kongwa
Pole sana mama. Hayo maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na joto la kuchemka kwelikweli ndilo linaloiua. Kulainika peke yake hakutoshi. Kwenye nyuzi 75 au 80 yanaweza kulainika na sumu ibaki. Lazima uone mapovu ya mchemko, na yaendelee angalau nusu saa. Mimi nina sheria: saa sita na nusu ikifika sufuria haijachemka, inaenda kwenye mkaa. Siisubiri.

Kujua kama siku inafaa, tazama kivuli. Kiwe na ukingo mkali, na kifupi kuliko wewe. Julai hicho kipindi ni kama saa nne na nusu hadi saa tisa. Kivuli kikififia, dishi linakufa palepale. Sanduku linavumilia wingu linalopita la dakika ishirini, lakini wingu la kutanda haliwezi.

mama_nzuguni
Wakubwa, nimerudi. Jumamosi nimefanya hivi: maharage nusu kilo niliyaloweka tangu saa moja jioni, nikamwaga maji ya kulowekea, nikaweka mapya yapite juu vidole viwili. Sufuria ya masizi. Sanduku nilitangulia kulipasha tupu, sufuria ikaingia saa tatu na nusu. Nimegeuza saa tano, saa sita na nusu na saa nane. Saa sita kasoro dakika kumi niliona mapovu kupitia kioo. Saa nane na nusu yameiva, yanapondeka kwa vidole. Nyanya na chumvi nikatia mwishoni.

Wali niliupika Jumapili peke yake: vikombe vitatu vya mchele, maji vikombe vinne na nusu, kwa sababu mvuke hautoki. Umechukua saa moja na dakika arobaini kuiva. Umechambuka, ila hauna ukoko, na mume wangu ameuulizia ukoko.

ihumwa_kwetu
Vyote viwili kwa pamoja umejaribu?

mama_nzuguni
Bado. Nahofia mchele utayapoza maharage yakiwa yanachemka.

mamalishe_singida
Utayapoza. Mimi mchele naulowesha kwa maji ya moto ya chupa ya chai kabla ya kuingiza.

mzee_wa_kongwa
Mimi naweka kioo cha pili juu ya cha kwanza, nafasi ya kidole katikati. Kwa upepo huu kinasaidia.

mamalishe_singida
Mzee, mimi nilikitoa. Kilijaa vumbi katikati, mwanga ukapungua.